Tangazo la laptopu iliyotumika: mteja aione betri kabla hajaiuliza

Wateja wangu wengi hawako Mwanga hapa Kigoma mjini. Wako Kasulu na Kibondo, na hawawezi kupanda gari kuja kukagua kila mashine wanayoiona mtandaoni. Tangazo ndilo linalowakagulia. Wakishaijua bei, wanauliza inakaa na chaji muda gani. Ukiandika "betri iko poa" hujawajibu.

Tuchukue HP EliteBook 840 G5. Kichwa nakiandika hivi:

HP EliteBook 840 G5, Core i5 kizazi cha 8, RAM 8GB, SSD 256GB, inchi 14, Kigoma

"Laptopu kali bei chee" siiandiki, maana hakuna anayetafuta mashine kwa maneno hayo. Kizazi usikiache: kwa prosesa za Core, Windows 11 inazikubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na mnunuzi mjuzi anaanza kuangalia hapo.

Sasa betri. Fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuonyesha ripoti imehifadhiwa wapi. Ifungue, utafute DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ikiwa 50,000 mWh na ya pili 36,000, betri imebaki na asilimia 72 ya uwezo wake wa awali. Asilimia hiyo haikwambii saa, kwa hiyo jaza chaji, chomoa chaja, cheza video mpaka mashine izime, halafu rekodi muda. Maelezo yangu yanakuwa hivi:

"Betri 72%. Video kwa Wi-Fi, mwanga nusu: saa 3 na dakika 10. Mfuniko una mchubuko kona ya kulia, angalia picha ya 2. Herufi N imefifia ila inabonyezeka vizuri. Chaja si ya HP. BIOS haina nenosiri."

Hilo la BIOS lina uzito. Laptopu nyingi za mtumba zimetoka maofisini, na nenosiri la BIOS haliondoki kwa kuweka Windows upya.

Picha piga mchana karibu na mlango, bila flashi, kwa sababu flashi inaficha mikwaruzo. Ya kwanza ionyeshe mashine imewashwa, na juu ya kibodi kuna karatasi yenye tarehe ya leo na jina la duka. Mteja atajua mzigo uko mkononi mwako. Ya pili iwe kasoro yenyewe, pembeni yake sarafu ya shilingi 200 ili ukubwa uonekane. Kisha bawaba, matundu ya pande zote mbili, kioo kikiwa cheupe kitupu ili madoa yajitokeze, na ripoti ya betri.

Namba ya mashine iliyo chini usiianike yote. Acha tarakimu nne za mwisho tu zionekane, na siku ya kupakia kwenye basi la Kasulu mtumie mteja video fupi inayoonyesha hizo hizo nne.