Msisaini mkataba kwa fowadi iliyotoka kwenye YTM

> "Wakuu, nina bei tatu: dhamana ya serikali ya mwaka 1 inauzwa 91.74, hatifungani ya miaka 2 yenye kuponi 10 inauzwa 98.50, ya miaka 3 yenye kuponi 14 inauzwa 102.00. Nimechukulia kuponi inalipwa mara moja kwa mwaka ili kurahisisha. YTM, yaani riba ya hatifungani ikishikwa mpaka iive, zimetoka 9.00, 10.87 na 13.15. Nikazitumia kama spoti, fowadi ya mwaka wa tatu ikawa 17.84%. Benki imeiahidi sacco yetu 18.5% kwa milioni 500 tutakazoweka miaka miwili ijayo kwa mwaka mmoja. Naona tumepata, tunasaini Ijumaa. Nimepatia?"

Mkuu, simamisha hiyo Ijumaa. Piga simu kwa mwenyekiti wako leo hii, halafu urudi usome.

17.84 siyo fowadi ya soko, yaani riba ya mwaka wa tatu peke yake ambayo bei za leo zimeshaifunga. Kwa bei hizohizo ulizoweka hapa, fowadi ya mwaka wa tatu ni 19.01%. Ofa ya 18.5 unayoiona iko juu ya soko kwa zaidi ya nusu asilimia, kumbe iko chini yake kwa nusu asilimia. Kwa milioni 500 hiyo ni kama milioni 2.5 za wanachama mnawapelekea benki kwa mikono yenu. Najua kwa sababu kamati niliyokuwamo ilisaini karatasi ya namna hii, kwa hesabu ya namna hii, baada ya mkufunzi wa semina kutuambia kwa kujiamini kabisa kwamba "YTM ya miaka mitatu ndiyo riba ya miaka mitatu." Alilipwa, akagawa vyeti, akaondoka. Mpaka leo bado nina hasira naye, maana jambo lenyewe lingemchukua dakika kumi kulieleza vizuri.

Hatifungani yako ya miaka 3 haikupi malipo moja. Inakupa 14 mwakani, 14 mwaka unaofuata, na 114 mwishoni. YTM ni riba moja inayolazimishwa kwenye malipo yote matatu mpaka jumla yake ifike 102. Inachukua 14 ya mwakani na kuipunguza kwa 13.15%, wakati wewe mwenyewe umeandika kwamba pesa ya mwaka mmoja sokoni inauzwa kwa 9%.

Itazame kwa shilingi. Soko linasema shilingi 1 ya mwakani ina thamani ya 0.9174 leo, kwa hiyo kuponi ya kwanza ina thamani ya 12.84. YTM inasema ni 12.37. Kuponi ya pili sokoni ni 11.37, YTM inasema 10.93. Umeshapoteza kama senti 90 kwenye kuponi mbili. Zimekwenda wapi? Jumla lazima iwe 102, kwa hiyo YTM imezisukuma zote kwenye malipo ya mwisho: inaipa ile 114 thamani ya 78.69, wakati soko linaipa 77.79. Malipo ya mwaka wa tatu yakithaminiwa kupita kiasi, riba ya mwaka wa tatu inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Fowadi yako ilipungukiwa hapo. Kadiri mkondo wa riba, yaani riba kwa kila muda wa kuiva, unavyopanda kwa kasi na kuponi zinavyokuwa kubwa, pengo nalo linapanuka. Mkondo ukishuka, kosa linageuka upande wa pili. Ukiwa bapa kabisa, kosa halipo, na nahisi mkufunzi wetu alifundishia mfano bapa ndiyo maana hakuna aliyemgundua.

Kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka mniombe ninyamaze: usianze na riba. Anza na thamani ya leo ya shilingi 1 kwa kila mwaka. Riba zote, ziwe spoti au fowadi, zitoke hapo mwishoni kabisa, na YTM isiguse hesabu hata mara moja.

Mwaka wa 1 ni rahisi: 91.74 gawanya kwa 100, unapata thamani hiyo ya shilingi 1, tuiite d1 = 0.9174.

Mwaka wa 2, toa kwenye bei ile kuponi ambayo tayari unajua thamani yake. 98.50 toa 9.17 inabaki 89.33, na hiyo ndiyo thamani ya 110 itakayolipwa mwishoni. Gawanya, d2 = 0.81205. Ukitaka spoti yake, yaani riba ya pesa inayolipwa mara moja tu mwishoni mwa muda, ni 10.97%, siyo 10.87. Hapa tofauti ni ndogo, ndiyo maana watu hujiona salama.

Mwaka wa 3, toa kuponi mbili: 14 mara (0.9174 + 0.81205) ni 24.21. Inabaki 77.79 kwa ajili ya 114, kwa hiyo d3 = 0.68235. Spoti ni 13.59%, dhidi ya 13.15 yako.

Sasa fowadi haihitaji vipeo wala mizizi. Ya mwaka wa pili ni d1/d2 toa 1, inatoka 12.97%. Ya mwaka wa tatu ni d2/d3 toa 1, inatoka 19.01%. Kwenye Ekseli, bei ziwe safu B, kuponi safu C (dhamana ina 0), kuanzia mstari wa 2:

```
D2: =B2/(100+C2)
D3: =(B3-C3*SUM(D$2:D2))/(100+C3)
E3: =D2/D3-1
```

Buruta D3 na E3 kwenda chini mstari mmoja, basi.

Kuna atakayekuja kusema YTM ni kipimo cha soko, kila gazeti linaichapa, itakuwaje iwe mbaya? Huyo mpe jaribio hili. Chukua hatifungani nyingine ya miaka mitatu ileile, lakini kuponi yake ni 6. Kwa thamani hizohizo za leo, bei yake ya haki ni 82.71. Tafuta YTM yake: 13.37%. Muda uleule, mkopaji yuleyule, soko lilelile, na YTM mbili tofauti! Ukitumia ya kwanza fowadi ni 17.84, ukitumia ya pili ni 18.53. Soko haliwezi kuwa na riba mbili za mwaka wa tatu kwa wakati mmoja. Ukipita njia ya d, hatifungani zote mbili zinakurudisha kwenye 19.01 ileile. Jaribio hilo lilinitoa usingizini mimi, na ndilo nililotamani mtu angelifanya mbele ya yule mkufunzi.

19.01 siyo ubashiri wa riba ya miaka miwili ijayo, usiisome hivyo. Ni bei ambayo hatifungani za leo zimeshaifunga. Sacco haiwezi kuuza kitu isichokuwa nacho, lakini kama hizo milioni 500 zimekaa kwenye hatifungani ya miaka 2 na mpango wenu ni kuzihamishia benki ikiiva, mnaweza kuiuza sasa na kununua ya miaka 3. Mwaka wa tatu mtakuwa mmeupata kwa karibu na 19, ukitoa gharama za kuuza na kununua. Nasema karibu kwa sababu kuponi za hizo mbili hazilingani na mtazipokea kwa viwango tofauti njiani. Hiyo ndiyo njia ya kuilinganisha na ofa ya benki.

Kabla hujaenda kupiga hesabu upya, hakikisha bei ni zipi. Njia hii ni kali kwa sababu kila mwaka unabeba kosa la mwaka uliopita. Tuseme 98.50 ni bei safi na mnunuzi halisi anaongeza nusu shilingi ya riba iliyokwisha kusanyika, yaani anatoa 99.00. Nusu shilingi kwa kuponi ya 10 ni riba ya siku kama 18 tu. Ukiweka 99.00, fowadi ya mwaka wa pili inashuka kutoka 12.97 hadi 12.34, na ya mwaka wa tatu inaruka kutoka 19.01 hadi 19.77. Angalia zilivyokwenda pande tofauti. Ukiona fowadi zako zinapanda na kushuka kama meno ya msumeno, usiandike ripoti kuhusu matarajio ya soko. Kagua bei ya hatifungani iliyo katikati. Unayotaka ni pesa inayotoka mfukoni siku ya malipo, riba iliyokusanyika ikiwemo, na tarehe za kuponi zihesabiwe kuanzia siku hiyo.

Na usichanganye aina. Hatifungani za miundombinu za Kenya zimekuwa zikitolewa bila kodi ya zuio, na nyingine hurudisha mtaji kwa mafungu kabla ya tarehe ya mwisho. Ukiiweka moja katikati ya hatifungani za kawaida kana kwamba ni ndugu zao, d yake itakuwa na msamaha wa kodi ndani yake na fowadi zote zinazofuata zitaharibika.

Kuponi mara moja kwa mwaka ni sawa kwa kujifunzia, lakini hatifungani za serikali zetu, Tanzania na Kenya, hulipa mara mbili. Mistari yako iwe ya nusu mwaka, kuponi igawanywe kwa 2, na E3 iwe riba ya miezi sita ambayo utaizidisha kwa 2 ukitaka ya mwaka. Hapo utagundua huna hatifungani ya mwaka mmoja na nusu. Kisia d ya hapo kati ya d ya mwaka 1 na d ya miaka 2, ukizitafuta hiyo ya katikati na ya miaka 2 kwa pamoja mpaka bei ya hatifungani itoke sawa, kwa kuchora mstari kwenye logi ya d, ambako ni kusema fowadi ni moja kwa kipindi chote hicho. Usikisie kwa kuchora mstari kati ya YTM mbili, utakuwa umemrudisha mgeni tuliyemfukuza mlangoni.

Weka hapa bei kamili, tarehe ya malipo na tarehe za kuponi za hizo hatifungani mbili, na useme kama benki inalipa 18.5 kabla au baada ya kodi. Nitapiga hesabu kabla ya Alhamisi jioni.