Kutoka mzingo wa mti hadi tani za kaboni: hesabu ya ploti moja

Swali: "Nimepima miti ya shamba letu huku Vihiga kwa utepe wa fundi cherehani, kimo cha kifua. Je, nikitafuta wastani wa vipimo hivyo nikautia kwenye fomula, nitapata kaboni ya shamba? Na fomula ipi?"

Ndugu, tuanze na utepe huo, kwa sababu mimi mwenyewe ulinikosesha mara ya kwanza nilipopima mashamba ya upande wa Yala. Utepe unakupa mzingo, ilhali fomula inataka kipenyo, kwa hiyo kila kipimo ni lazima ukigawanye kwa 3.1416 kwanza. Mimi nilisahau, na mti mmoja wa kawaida ukanitokea na uzito wa tani 24. Kosa hilo huzidisha uzito wa kila mti karibu mara 17, kwa hiyo ukiona mti wa kando ya boma unazidi mzigo wa lori, rudi kwenye safu ya vipenyo. Utepe wa cherehani nao huishia sentimita 150, na mti mnene utakulazimu kuzungusha kamba kisha kuipima kamba hiyo. Kimo cha kifua ni mita 1.3 kutoka ardhini, na penye mteremko husimama upande wa juu.

Kwa miti ya mashambani kwetu mimi hutumia mlinganyo wa Kuyah na wenzake wa mwaka 2012, ambao ulitokana na miti iliyokatwa na kupimwa uzito katika mashamba ya Kenya magharibi yenyewe. Kipenyo kikiwa katika sentimita, jibu ni kilo za bayomasi kavu iliyo juu ya ardhi, yaani mbao, matawi na majani baada ya maji kutoka, mizizi haimo. Katika jedwali la kompyuta, mzingo ukiwa safu ya A, andika hivi:

```
B2: =A2/PI()
C2: =0.091*B2^2.472
```

Sasa tuchukue ploti, yaani kipande cha shamba kinachopimwa kwa niaba ya shamba zima, ya mita 20 kwa 20 yenye miti mitano, ambayo vipenyo vyake ni sentimita 10, 12, 15, 20 na 50. Uzito unaotoka ni kilo 27, 42, 74, 150 na 1,442, na jumla yake ni takriban kilo 1,734. Ukifuata njia ya wastani, kipenyo cha wastani ni 21.4, mti wa namna hiyo una kilo 177, na mara tano unapata 885 tu, yaani nusu ya bayomasi imepotea. Sababu ni kile kipeo cha 2.472: kipenyo kikiongezeka maradufu, uzito huongezeka zaidi ya mara tano, kwa hiyo wastani humnyima mti mkubwa haki yake. Kokotoa kila mti peke yake, ndipo ujumlishe. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 nao hupimwa kila shina kivyake, na kinachojumlishwa ni uzito, si vipenyo.

Ploti hiyo ni mita za mraba 400, nazo huingia mara 25 katika hekta. Kilo 1,734 mara 25 ni takriban tani 43.4 kwa hekta. Ukizidisha kwa 0.47, sehemu ya kaboni katika bayomasi kavu kwa kiwango cha kawaida cha IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, unapata tani 20.4 za kaboni, na ukizidisha tena kwa 44/12, uwiano wa uzito wa hewa ya ukaa kwa kaboni iliyomo, unapata takriban tani 75 za hewa ya ukaa.

Lakini usiiamini sana tarakimu hiyo, maana mti mmoja umebeba zaidi ya asilimia 80 yake, na mlinganyo wa kipenyo pekee haujui mti huo ni wa mbao nzito au nyepesi. Nikiupima kwa mlinganyo wa Chave na wenzake wa mwaka 2014, ambao hutaka pia urefu wa mti na uzito wa mbao kwa kila sentimita ya ujazo,

```
=0.0673*(0.5*50^2*18)^0.976
```

nikachukulia mbao ya gramu 0.5 na urefu wa mita 18, napata kilo 1,191. Mbao ikiwa ya 0.7, zinafika 1,653. Na kama mti huo hukatwa matawi kila mwaka kwa ajili ya kuni, kama ilivyo desturi yetu, fomula zote mbili zitauhesabia matawi ambayo hauna.

Zaidi ya hayo, kama ungelisogeza kamba za ploti mita chache na kuuacha mti huo nje, hekta hiyo hiyo ingekupa tani 7.3 za bayomasi badala ya 43.4. Ndiyo maana katika shamba dogo mimi huacha ploti kwa miti myembamba tu, na miti yote ya kuanzia sentimita 30 huipima mmoja mmoja shamba zima, kisha nikaigawanya jumla yake kwa eneo halisi la shamba.