Kufuli Mlangoni na Maji Kukatwa: Majibu kwa Wapangaji wa Kenya

Nina deni la kodi ya miezi miwili, Sh6,500 kila mwezi. Nimetoka kazini jioni nikapata mwenye nyumba ameweka kufuli lake, na vitu vyangu vyote vimo ndani. Ana haki?

Hana. Deni analokudai ni halali, lakini hawezi kulidai kwa kufuli. Anaweza kumtuma dalali mwenye leseni azuilie mali yako, au akupe notisi ya kukatisha upangaji, ambayo kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi haipungui mwezi mmoja, kisha aende kortini ukikataa kuhama.

Kwa kuwa kodi yako imepita Sh2,500, ambacho ndicho kikomo cha Sheria ya Kudhibiti Kodi, jopo la kodi, linaloamua migogoro ya wapangaji chini ya sheria hiyo, halitakusikiliza. Nenda kwa hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi, ufungue kesi na pamoja nayo ombi la dharura la amri ya muda, mlango ufunguliwe huku kesi ikiendelea. Katika hati ya kiapo, taja siku na saa uliyokuta kufuli, uambatishe picha yake, jumbe za simu mlizoandikiana na risiti za M-Pesa, na uorodheshe vilivyomo ndani kimoja kimoja: kitanda, jiko la gesi, sare za watoto za shule, dawa. Orodha hiyo ndiyo itakayokutetea chochote kikipotea, na juu yake utadai fidia.

Nakusihi usifiche deni. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamhakikishia utulivu ndani ya nyumba mpangaji anayelipa kodi, kwa hiyo hilo ndilo jambo la kwanza wakili wa upande wa pili atakalolishika. Kiri Sh13,000, useme utazilipa lini, na ukiweza ulipe sehemu kabla ya kusikizwa.

Chumba changu ni Sh2,300. Mwenye nyumba anataka nihame, na tangu Jumatatu sina maji wala stima. Nifanye nini?

Hakikisha kwanza ni yeye aliyekata. Ikiwa mita yako bado ina tokeni, majirani wana taa, na fyuzi ya chumba chako imeng'olewa, basi hiyo si kampuni ya umeme. Piga picha, kisha upeleke malalamiko kwenye jopo la kodi, kwani kodi yako imo ndani ya kikomo. Linaweza kuamuru huduma zirudishwe, na kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi.

Polisi wameniambia ni kesi ya madai. Nivunje kufuli mwenyewe?

Usivunje, maana unaweza kushtakiwa kwa kuharibu mali. Omba tukio liandikwe katika kitabu cha matukio, upewe nambari ya OB, kisha uiambatishe kwenye kiapo chako.