Muhogo mmoja, moto wa aina nne

Swali la wiki: "Nikiacha vya kukaanga nikala vya nazi, vya kuchemsha au vya kuchoma, kweli nitapunguza kalori?"

Mhariri, kwa vya kuchemsha na kuchoma, ndiyo. Kwa vya nazi, inategemea umekuna nazi ngapi na sufuria inalisha watu wangapi. Nitaeleza kwa muhogo, kwa sababu hapa Tanga tunaupika kwa njia zote hizo.

Chukua nusu kilo ya muhogo uliokwisha kumenywa. Una kalori 800 hivi, yaani 200 kwa kila mtu mkiwa wanne. Ukiuchemsha kwa maji na chumvi, hesabu inabaki palepale. Ukiuchoma kwenye mkaa ukautia pilipili na ndimu, bado ni ileile, maana moto umeondoa maji tu. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanapima chakula kikiwa kimeiva. Gramu 100 za muhogo wa kuchoma zina kalori nyingi kuliko gramu 100 za wa kuchemsha, kwa kuwa mmoja umekauka na mwingine umekunywa maji. Pima ukiwa mbichi, kisha ujumlishe ulichoongeza jikoni.

Kwenye kukaanga, kilichoongezwa ni mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120 hivi. Lakini si mafuta yote ya kwenye karai yanayoliwa. Pima kwa kikombe kabla ya kukaanga, acha yapoe, uyapime tena. Pengo ndilo lililoingia kwenye chakula, ukitoa kidogo lililobaki kwenye karai na kwenye chujio. Tuseme yamepungua mililita 60. Hizo ni karibu kalori 500, kwa hiyo muhogo ule wa 800 umefika 1,300, na kila sahani ni 325.

Pengo hilo unaweza kulipunguza. Vipande vinene hubeba mafuta kidogo kuliko vyembamba, ndiyo maana kaukau ni nzito kwa kalori kuliko inavyoonekana. Tumbukiza kipande kimoja kwanza: kisipochemka mapovu papo hapo, mafuta hayajapata moto, na muhogo utakaa humo muda mrefu bila kupata ganda. Kisha uepue na kuuchuja ukiwa wa moto. Wakati wa kukaanga mvuke unatoka kwa nguvu na kuyazuia mafuta. Muhogo ukianza kupoa mvuke unakoma, na mafuta yaliyoshika nje ndipo yanapovutwa ndani.

Sasa nazi. Nazi moja iliyokomaa, ya ukubwa wa kawaida, ina nyama ya gramu 300 hivi, na theluthi yake ni mafuta. Ukiikuna kwa mbuzi na kukamua kwa mkono, sehemu kubwa ya mafuta hubaki kwenye machicha. Tuseme umepata nusu tu, gramu 50. Hizo ni kalori 450, na muhogo wako wa nazi umefika 1,250. Sahani moja ni kama 310, karibu sawa na ule wa kukaanga. Weka nazi mbili, kama wengi wetu tunavyopenda rojo liwe zito, na umeupita kwa mbali. Tofauti ni kwamba mafuta ya karai hubaki kwenye karai, bali tui linaliwa lote, hata la chini ya sufuria tunalifuta kwa mkate.

Kuongeza maji hakupunguzi kitu. Tui la nazi moja, likiwa kikombe kimoja au vikombe vinne, lina mafuta yaleyale. Wala tui lililokatika, lenye mafuta yanayoelea juu, halina kalori zaidi ya lile laini. Mafuta yamejitenga tu. Na samaki wa kupaka asihesabiwe kama samaki wa kuchoma, maana tui analopakwa linahesabiwa naye.

Mimi nazi siachi, na simshauri mtu wa pwani aiache, ila mafuta yake mengi ni yale mazito yanayopandisha lehemu, kwa hiyo mwenye tatizo hilo afuate kipimo cha daktari wake. Ninachofanya ni kutumia nusu nazi kwa nusu kilo. Muhogo unaivia kwenye tui la pili lenye maji mengi, pamoja na kitunguu na pilipili mbuzi. Kasimile naiweka pembeni, naimimina muhogo ukishalainika, nakoroga taratibu upande mmoja hadi ianze kuchemka, kisha naepua. Kwa kuwa imeingia mwisho, ladha yake inakuwa juu juu na mlaji anaipata kwanza. Sahani inashuka hadi kama kalori 255.