Kiwango kinachoteleza: kukagua fomula zilizokopiwa bila alama ya $

Ukipewa shiti ya Excel uikague katika ofisi ya uhasibu, usitegemee mstari wa kwanza ukuambie chochote. Mstari wa kwanza karibu siku zote huwa sahihi, kwa kuwa ndio ambao mtu aliuandika kwa mkono, akatazama jibu, akaridhika, kisha akauburuta hadi chini. Kuanzia hapo Excel husogeza kila anwani ya seli mstari mmoja chini. Kwa kiasi cha ankara ndivyo tunavyotaka. Kwa seli yenye kiwango cha VAT au cha kubadilishia fedha sivyo, kwa sababu kiwango kiko mahali pamoja tu, na fomula ikisogea inaokota chochote kilicho chini yake. Alama ya $ ndiyo inayoifunga anwani isisogee.

Tuchukue shiti ndogo ya mwagizaji wa bidhaa anayegeuza ankara za dola kuwa shilingi. B1 ina VAT asilimia 18. B2 ina dola kwa 2,500 na B3 ina yuro kwa 2,900 (viwango vya mfano tu). B4 ni kichwa cha kolamu, na ankara zote, ambazo ni za dola, zinaanza B5: 1,200, 850, 400, 2,300 na 640. Kwenye C5 mtu ameandika `=B5*B2` na kuburuta. Ukibonyeza Ctrl na ` (kitufe kilicho juu ya Tab kwenye kibodi nyingi), Excel inakuonyesha fomula badala ya majibu:

```
C5  =B5*B2
C6  =B6*B3
C7  =B7*B4
C8  =B8*B5
C9  =B9*B6
```

Soma majibu yake taratibu. C5 inatoa 3,000,000, sawa. C6 imezidisha dola 850 kwa kiwango cha yuro, ikatoa 2,465,000 badala ya 2,125,000. Hakuna jicho litakaloshtuka hapo. C7 imezidisha namba kwa maneno ya kichwa, ikatoa `#VALUE!`. C8 imezidisha ankara kwa ankara, 2,300 mara 1,200, ikatoa 2,760,000. Hiyo nayo inafanana kabisa na shilingi, wakati jibu la kweli ni 5,750,000. C9 imetoa 544,000 badala ya 1,600,000.

Kosa lenye kelele ni lile la C7 peke yake, na hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Mtu aliye na haraka anaona `#VALUE!`, anairekebisha seli hiyo moja kuwa `=B7*$B$2`, inatoa 1,000,000, naye anaendelea na kazi. Sasa shiti haina alama yoyote ya hatari, na jumla ni 9,769,000 badala ya 13,475,000. Zaidi ya hayo, pembetatu ndogo ya kijani ya Excel, ile ya `Inconsistent Formula`, itatokea kwenye C7, yaani kwenye seli iliyo sahihi. Excel haijui kodi wala dola. Inalinganisha tu seli na jirani zake, na kwa macho yake fomula zilizoteleza zinafuatana vizuri, zote zinaangalia mistari mitatu juu. Ukibofya pembetatu hiyo na kukubali `Copy Formula from Above`, utakuwa umelirudisha kosa. Kwa hiyo shiti isiyo na pembetatu za kijani usiihesabu kuwa imekaguliwa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kukitafuta kiwango kutoka kwenye majibu yenyewe. Ongeza kolamu ya muda pembeni, gawa shilingi kwa dola, uburute hadi mwisho:

```
=C5/B5
```

Kila mstari unapaswa kutoa 2,500. Katika shiti yetu utaona 2,500, 2,900, 2,500, 1,200 na 850. Huhitaji kusoma fomula hata moja. Namba mbili za mwisho zinakuambia kabisa ni ankara zipi zilizookotwa kama kiwango. Njia hii inafaa pia pale ulipoletewa majibu matupu, fomula zikiwa zimeshafutwa. Kama shilingi zimekadiriwa kuwa namba kamili, tofauti ndogo za desimali zisikusumbue. Kwa VAT fanya vivyo hivyo: gawa kodi kwa thamani kabla ya kodi, utegemee 0.18 kila mahali.

VAT ina mtego wake. Mara nyingi seli iliyo chini ya kiwango iko tupu, na Excel huhesabu seli tupu kama sifuri, hivyo kuanzia mstari wa pili kodi inakuwa 0, au kistari kifupi kama kolamu imewekwa muundo wa kihasibu. Msomaji asiyejua anadhani ni bidhaa zilizosamehewa kodi. Ukiona sifuri zimejipanga mfululizo chini ya mstari mmoja wenye kodi, shuku kuteleza kwanza, kisha ndipo uulize kuhusu msamaha. Unaweza pia kuiwasha kanuni ya `Formulas referring to empty cells` kwenye File, Options, Formulas. Kwa kawaida huja ikiwa imezimwa. Kama fomula inagawa kwa kiwango badala ya kuzidisha, seli tupu itakupa `#DIV/0!`, na hilo angalau linaonekana.

Ukitaka kuthibitisha chanzo, simama kwenye seli ya kiwango, B2, ubonyeze Ctrl na ]. Excel itachagua seli za shiti hiyo zinazoitegemea moja kwa moja. Ikiwa inachagua C5 na C7 iliyorekebishwa tu, badala ya kolamu nzima, umepata ushahidi. Kiwango kikiwa kwenye shiti nyingine njia hii haitakusaidia, basi rudi kwenye kugawa.

Kurekebisha, usipite mstari kwa mstari. Rudi C5, weka kielekezi kwenye B2 ndani ya fomula, bonyeza F4 (kwenye laptopu nyingine ni Fn na F4) mpaka iwe hivi, kisha buruta upya kolamu nzima, ukizifunika na seli zilizokwisha kurekebishwa kwa mkono:

```
=B5*$B$2
```

Angalia $ ilipokaa. `$B2` inafunga kolamu tu, mstari unaendelea kuteleza, nami nimeiona mara nyingi kwa watu walioamini kwamba wameshafunga. Kwa kuburuta chini kinachofanya kazi ni $ iliyo mbele ya namba ya mstari. Kwa upande mwingine, `=$B$5*$B$2` itarudia jibu la ankara ya kwanza hadi chini, na kipimo cha kugawa kitaikamata nayo. Baada ya kuburuta, linganisha jumla ya shilingi na jumla ya dola mara kiwango: 5,390 mara 2,500 ni 13,475,000.

Kuna shiti moja ambayo hupaswi kuifunga. Kama kila ankara inatumia kiwango cha siku yake, kiwango kitakuwa na kolamu yake, tuseme D, na `=B5*D5` isiyo na $ ndiyo sahihi. Hapo kugawa hakutakupa namba moja kila mstari, kwa hiyo weka majibu ya kugawa kando ya kolamu ya D na utafute mistari isiyolingana. Kabla ya kugusa fomula yoyote, muulize aliyeitengeneza kama kiwango ni kimoja kwa mwezi mzima au kinabadilika kwa tarehe.