Nembo ya PNG mpaka faili la kuchapia fulana

Tuseme kikundi cha wakulima wa kahawa Mbozi kimetengenezewa nembo na programu ya akili mnemba: duara la kahawia, majani ya kijani, punje mbili nyekundu na jina la kikundi. Kwenye simu inapendeza, lakini fundi wa fulana pale Mwanjelwa ataikataa. Ni PNG ya pikseli 1024 kwa 1024. Ukiivuta ifike sentimita 25 mgongoni, kila inchi inabaki na pikseli 104 hivi, na kingo zinaonekana zimefifia. Kibaya zaidi, fundi hutumia skrini moja kwa kila rangi, na ule kijani unaouona kuwa mmoja una vivuli chungu nzima.

Kwa hiyo inabidi igeuzwe vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa bila kufifia. Anza na rangi. Katika GIMP, ikuze picha hadi pikseli 4096 kwa `Image > Scale Image`, kisha nenda `Image > Mode > Indexed`, weka rangi 4 (tatu za nembo pamoja na nyeupe), na sehemu ya `dithering` chagua `None`. Usipofanya hivyo programu hutawanya nukta kuigiza vivuli, na kila nukta itakuja kuwa kipande chake cha vekta.

Sasa isogeze karibu uangalie kingo. Pale kahawia inapokutana na nyeupe, pikseli za katikati huweza kuangukia rangi ya tatu, ukakuta uzi mwekundu umezunguka duara zima. Upake rangi sahihi kwa penseli ya GIMP hapo hapo. Ukishageuzwa vekta, kuutoa ni kazi ya jioni nzima.

Ingiza picha Inkscape, fungua `Path > Trace Bitmap`, kichupo cha `Multicolor`, chagua `Colors`, `Scans` 4, na utie tiki `Stack`. Tiki hiyo hufanya rangi ya chini ipite chini ya ile ya juu, hivyo skrini ikisogea kidogo, kitambaa hakichungulii katikati. Kisha futa ile PNG iliyobaki chini. Wengi huisahau.

Duara lililotoka hapo lina vishikizo vingi, yaani nukta zinazoshika mstari wake, na linayumba. Lifute, uchore jipya huku umebonyeza `Ctrl`: vishikizo vinne vinatosha. Majani yapitishe `Path > Simplify` mara moja tu. Mara ya pili ncha zinaanza kuwa butu. Maandishi nayo usiyahangaikie, yaandike upya, kisha `Path > Object to Path`, la sivyo kompyuta ya fundi itaweka fonti yake.

Mishipa ya majani ipimwe kwa ukubwa halisi wa kuchapa. Iliyo chini ya nusu milimita wino utaiziba au haitaonekana. Kwa gunia la katani inenepeshe zaidi, kwa sababu ya nyuzi zake.

Kabla ya kutuma PDF, fungua faili la SVG ulilohifadhi kutoka Inkscape kwa programu ya maandishi ya kawaida utafute `<image`. Ikionekana, bado umebeba picha ndani ya vekta. Rangi zenyewe kazichague kwenye sampuli za wino za fundi, kwa kuwa kahawia ya kioo cha simu na ya kopo hazifanani.