Potasiamu 5.7: losartani ibaki?

"Daktari, mgonjwa wetu wa figo hatua ya nne, uchujaji 22, ana potasiamu 5.7. Nisimamishe losartani?"

Bado, daktari. Rudia kipimo kesho, maana chembe za damu zikipasuka kwenye sampuli, potasiamu husomeka juu kuliko ilivyo. Kwenye orodha yako ya dawa nimeona ibuprofeni ya maumivu ya goti, nayo ndiyo ninayoishuku zaidi. Iondoe kabisa, mpe parasetamoli. Mkojo wake una protini nyingi, kwa hiyo losartani bado inazilinda figo zake. Potasiamu ikifika 6.0, isimamishe unipigie siku hiyohiyo, ikifika 6.5, au kipimo cha umeme wa moyo kikibadilika, apelekwe hospitali mara moja. Naomba damu ichukuliwe nyuma ya kiganja, kwani mishipa ya mikono tunaitunzia dayalisisi.